Cheti cha Udhamini Hakiuzwi: Kuichunguza Kazi ya Uuguzi Uingereza Kabla ya Kutoa Pesa

Tuichukue barua moja ya mfano. Inasema muuguzi amepata kazi katika hospitali ya Birmingham kwa mshahara wa pauni 42,000 kwa mwaka, nyumba ya bure kwa miezi sita, na cheti cha udhamini wa viza kiko tayari. Juu ina nembo ya NHS, chini ina muhuri mwekundu na sahihi mbili. Aliyeituma kwa WhatsApp anaongeza meseji: "Dada, vyeti vimebaki viwili tu. Pauni 2,500 zikiingia leo, jina lako linapelekwa kesho."

Wengi wakipata barua kama hiyo hukagua karatasi yenyewe: kama nembo imefifia, kama Kiingereza kina makosa, kama muhuri unaonekana wa kweli. Huko ndiko tapeli anakotaka waangalie, maana karatasi ni kazi yake na ameizoea. Asichoweza kukitengeneza ni rejista inayotunzwa na mtu mwingine. Kila dai lililomo ndani ya barua ile lina rejista yake, na nyingi kati ya hizo husomwa bure kwa simu ya mkononi.

Tuanze na udhamini. Mwajiri wa Uingereza hawezi kumleta mfanyakazi kwa viza ya kazi bila leseni kutoka Wizara ya Mambo ya Ndani ya nchi hiyo. Majina ya wote wenye leseni yako kwenye tovuti ya serikali, GOV.UK, katika faili linaloitwa Register of licensed sponsors: workers, ambalo husahihishwa mara kwa mara. Lina mashirika zaidi ya laki moja, na kila mstari una safu tano:

```
Organisation Name, Town/City, County, Type & Rating, Route
```

Ukilifungua, tafuta jina kamili la mwajiri, kisha linganisha mji na ule uliotajwa kwenye barua. Kwenye safu ya Type & Rating unataka kuona A rating. Aliyeshushwa hadi B haruhusiwi kutoa vyeti kwa wafanyakazi wapya mpaka arekebishe kasoro zake. Kwenye safu ya Route unataka kuona Skilled Worker, kwa kuwa viza ya wahudumu wa afya iko ndani ya njia hiyo. Shirika lenye leseni ya njia nyingine, tuseme ya dini au ya michezo, halikuleti wewe kama muuguzi.

Hapa ndipo watu wengi husimama mapema mno. Wanaliona jina la hospitali kwenye faili, wanapumua, wanatuma pesa. Lakini faili linathibitisha kwamba hospitali ina leseni. Halithibitishi kwamba aliyekuandikia anatoka hospitali hiyo, na tapeli mwenye akili huchagua jina lake humo humo. Kwa hiyo iache namba ya simu iliyo kwenye barua. Nenda kwenye tovuti ya hospitali, uchukue namba ya ofisi ya ajira, upige na kuuliza kama nafasi hiyo ipo na kama jina lako wanalo. Angalia pia anwani ya barua pepe: hospitali za NHS huandika kutoka anwani zinazoishia na nhs.uk au nhs.net. Anwani kama nhs-careers-uk.com inaweza kusajiliwa na mtu yeyote kwa gharama ndogo.

Sasa kile cheti chenyewe, kinachojulikana kwa kifupi kama CoS. Kwa jina ni cheti, lakini hasa ni rekodi ya kielektroniki ndani ya mfumo wa Wizara, nawe hupewa namba yake ya kujazia fomu ya viza. Kwa mtu aliye nje ya Uingereza, mwajiri lazima aombe cheti cha mtu mmoja kwa kazi moja, akieleza ni kazi gani na mshahara wake kiasi gani, na baada ya kutolewa kitumike ndani ya miezi mitatu. Kwa utaratibu huo, hakuna ghala la vyeti "vilivyobaki viwili" vinavyosubiri mnunuzi. Ada ya cheti hulipwa na mwajiri, na tangu 31 Desemba 2024 mwajiri amekatazwa kuirudisha kwa mfanyakazi. Neno "pauni 2,500 za CoS" peke yake linatosha kuimaliza barua ile.

Mshahara nao unajieleza. Malipo ya NHS yamepangwa kwa madaraja yanayotangazwa wazi. Muuguzi aliyesajiliwa huanza daraja la 5, ambalo kwa England mwaka wa 2025/26 lilianzia pauni 31,049. Anayeahidiwa pauni 42,000 akiwa bado hajasajiliwa hajaandikiwa na mtu anayeyajua madaraja hayo.

Kuna udanganyifu wa aina nyingine ambao hautoki kwa mtu wa WhatsApp, nao ni mgumu zaidi kuugundua: kampuni ni ya kweli, leseni ni ya kweli, cheti ni cha kweli, ila kazi haipo. Hayo yaliwapata wengi katika kazi ya kuhudumia wazee na wagonjwa majumbani baada ya Uingereza kufungua viza ya kazi hiyo Februari 2022. Watu walifika na kupewa saa chache za kazi, au wasipewe kabisa, huku madeni ya safari yakiwangoja nyumbani. Kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 serikali ilizifuta leseni zaidi ya 470 katika sekta hiyo. Leseni ikifutwa, kwa kawaida mfanyakazi hupewa siku 60 kumpata mdhamini mwingine au kuondoka. Hatimaye, 22 Julai 2025, njia hiyo ilifungwa kwa waombaji wapya walio nje ya nchi. Anayeuza leo nafasi ya kuhudumia wazee kwa mtu aliyeko Mombasa au Mwanza anauza mlango uliokwisha kufungwa.

Kwa muuguzi mlango ungali wazi, na si hospitali za NHS tu zinazoajiri. Nyumba binafsi za wazee nazo huajiri wauguzi, na huko tahadhari ya kampuni isiyo na kazi inahitajika. Tafuta jina lake kwenye rejista ya makampuni, Companies House. Humo utaona ilianzishwa lini, wakurugenzi ni nani na imewasilisha hesabu gani. Kampuni ya miezi minane isiyo na hesabu hata moja, ikidai inahitaji wauguzi 30, ina maswali ya kujibu. Kwa England, fungua pia tovuti ya CQC, mkaguzi wa huduma za afya na malezi, usome ripoti ya mwisho ya nyumba hiyo na idadi ya vitanda vyake. Kisha usome mkataba na kutafuta saa za kazi kwa wiki zilizoandikwa kwa tarakimu. Kama kuna kifungu cha kurudisha gharama ukiacha kazi mapema, kitaje kiasi, na kiasi hicho kipungue kadiri muda unavyopita. Kifungu kinachodai fedha zote hata baada ya miaka mitatu ni pingu.

Swali la sifa za kitaaluma ndilo linalowatenganisha waombaji wa kweli na wanaopotezewa muda. Chombo kinachoamua ni NMC, baraza la wauguzi na wakunga la Uingereza. Wakala hawezi kukusajili huko, na mwajiri pia hawezi. NMC hutaka mafunzo yaliyompeleka mtu kwenye usajili kamili wa muuguzi, hivyo aliyeishia ngazi ya cheti hukwama hapa hata kama ana uzoefu wa miaka mingi. Uthibitisho wa usajili wako haupokelewi kutoka mkononi mwako. Baraza la nyumbani, la Kenya au la Tanzania, huutuma lenyewe kwa NMC. Wakala anayeahidi "kukushughulikia verification" ndani ya siku mbili anaahidi kitu kisicho chake.

Baada ya hapo kuna mitihani. Wa kwanza, CBT, hufanywa kwa kompyuta hata ukiwa nje ya Uingereza, ukiwa na sehemu ya hesabu za dawa na sehemu ya uuguzi. Lugha hupimwa kwa IELTS ya kitaaluma, ambako unahitaji 7.0 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika, au kwa OET. Wa mwisho ni OSCE, mtihani wa vitendo wenye vituo 10, nao hufanywa Uingereza tu. Aliyefika kwa viza kabla ya kuufanya lazima aufanye mara ya kwanza ndani ya wiki 12 tangu tarehe ya kuanza kazi. Kwa viwango vya 2025, kupitiwa maombi kuligharimu pauni 140, CBT 83 na OSCE 794, na waajiri wengi wa NHS hurudisha sehemu ya gharama hizo au zote. Kila ada hulipwa kwa chombo chenyewe kupitia tovuti yake. Hakuna inayopitia namba ya simu ya mtu binafsi.

Wakala naye apimwe kwa jambo moja ambalo wengi hawalijui. Uingereza inafuata orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye uhaba mkubwa wa wahudumu wa afya, na Tanzania na Uganda zimo. Wakala au mwajiri haruhusiwi kwenda kuwatafuta wauguzi wa nchi hizo, ingawa muuguzi mwenyewe anaweza kuomba kazi moja kwa moja kwa hospitali. Kenya iko kundi la kati: ilitia saini makubaliano na Uingereza Julai 2021, na uajiri wa kuwafuata wauguzi hufanywa ndani ya makubaliano hayo tu. Kwa hiyo semina ya hotelini Dar es Salaam ya "kuajiri wauguzi wa Uingereza" imekwenda kinyume na utaratibu kabla hata hujaulizwa ada ya kiingilio. Kwa Mkenya, wakala aangaliwe kwenye rejista ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na pia kwenye Ethical Recruiters List ya NHS Employers. Walio kwenye orodha hiyo hawaruhusiwi kumtoza muuguzi ada ya kumtafutia kazi.

Utaratibu wenye usalama basi ni kuanza na NMC, si na barua ya kazi. Mwenye matokeo ya lugha, CBT na uamuzi wa NMC anafungua jobs.nhs.uk, anasoma kama tangazo linasema udhamini unatolewa, na anaomba kwa jina lake. Mtu wa kati hapo hana cha kumuuzia. Na barua ya kuacha kazi nyumbani iandikwe mwisho kabisa, viza ikiwa imeshatoka na tarehe ya kuanza kazi imethibitishwa na ofisi ya ajira ambayo wewe mwenyewe ndiye uliyeipigia simu.