Je, Wajua? Kikombe hunasa anayetembea

Je, wajua kwamba maneno matatu kwenye grafu yanaweza kupotosha bango zima la utafiti? Mwanafunzi wa shahada ya kwanza analinganisha matandazo ya majani makavu ya migomba, maranda na udongo mtupu. Anafukia vikombe, mdomo ukiwa sawa na uso wa ardhi, kisha anahesabu mbawakavu, jongoo na buibui waliotumbukia.

Kwenye udongo mtupu mbawakavu hukimbia bila kizuizi, hivyo huweza kunaswa wengi kuliko chini ya matandazo mazito, hata kama kwenye udongo huo wapo wachache. Basi mhimili wa wima usiandikwe “wingi wa wadudu” bali “walionaswa kwa kikombe, siku 7”. Chini ya grafu itajwe idadi ya vitalu. Vikombe vitatu ndani ya kitalu kimoja bado ni kitalu kimoja.

Kwenye bango la A0, milimita 841 kwa 1189, grafu hiyo ikae katikati, na maandishi yasipungue pointi 24. Utangulizi? Sentensi tatu zinatosha, wengi huuruka. Nyungunyungu wasiwekwe kwenye grafu hiyo: hao huchimbuliwa na kuhesabiwa kwa mita ya mraba.