Hesabuni mizunguko ya kinga, mtajua urefu wa njia

Ndugu wakulima, katika kooperative moja ya muhindi ya bonde la Ruzizi tulikuta ugomvi juu ya malipo. Wabebaji wanaosukuma magunia kwa kinga kutoka mashambani hadi depo wanalipwa franka 500 kwa kilomita moja, kwa kila gunia. Wabebaji walisema njia ni kilomita 15, yaani franka 7.500. Komite ilisema ni kilomita 9, yaani franka 4.500.

"Papa Prezida, miye natokaga saa kumi na mbili asubuhi, nafikaga saa tatu. Ile si kilomita tisa!" mbebaji mmoja alisema.

Kila upande ulikuwa na sababu. Komite ilikuwa imetazama karta ndani ya simu, lakini ilipima mstari ulionyooka kama ndege anavyoruka, na njia yetu inazunguka mabwawa ya mpunga. Wabebaji nao walipima kwa masaa, lakini mwenye mzigo hatembei mwendo ule ule wa mtu mikono mitupu. Basi tukawaambia: chombo cha kupimia munacho tayari, ni kinga yenyewe.

Kwanza tulitafuta gurudumu linakwenda mita ngapi likizunguka mara moja. Watu wengi wanasoma namba 28 kwenye mpira, wanaona ni inchi 28, sawa na sentimita 71, kisha wanazidisha na 3,14. Wanapata mita 2,23. Hesabu si mbaya, lakini mpira uliokwisha kulika na kubonyezwa na mzigo unakwenda pungufu ya hapo. Njo maana tulipima chini, kwenye udongo mgumu, kinga ikiwa na gunia lake na upepo wa kila siku. Tulipaka chokaa alama moja kwenye mpira wa mbele, tukaiweka chini kabisa na kuchora mstari ardhini. Tukasukuma kinga moja kwa moja mpaka alama imegusa chini mara 10, tukachora mstari wa pili. Kati ya mistari ile miwili kulikuwa mita 21,90. Ukigawanya kwa 10, mzunguko mmoja ni mita 2,19.

Tulichagua gurudumu la mbele kwa sababu la nyuma linavutwa na mnyororo, na kwenye matope linaweza kuzunguka bila kusonga. Kuhesabu pedali pia hakufai, maana kwenye mteremko kinga inashuka yenyewe na miguu imetulia.

Halafu kazi ya kuhesabu. Tulifunga kipande cha plastiki kwenye gurudumu, kikawa kinagonga chuma kinacholishika, "tak", mara moja kwa kila mzunguko. Mtu mmoja alisukuma, wawili walihesabu kila mmoja kivyake. Wakifika 100, kila mmoja anahamisha mbegu moja ya muhindi kutoka mfuko wa kushoto kwenda wa kuume, na anaanza tena moja.

Tulipofika depo, mfuko wa kuume ulikuwa na mbegu 54, na mizunguko 37 juu yake. Hiyo ni mizunguko 5.437. Tukizidisha na 2,19 tunapata mita 11.907, karibu kilomita 12. Wakati wa kurudi tulihesabu tena, tukapata 5.461. Tofauti ni mizunguko 24, kama mita 53 tu. Hapo tulijua hesabu ni nzuri.

Kama safari mbili zinaachana kwa mizunguko karibu 100 kamili, mjue kuna mbegu iliyosahauliwa, au iliyohamishwa mara mbili. Mbegu moja ni mita 219. Na kama tungetumia ile mita 2,23 ya kuandika kwenye karatasi, tungeongeza zaidi ya mita 200 za bure. Jambo lingine, msukumaji asiyumbeyumbe: gurudumu la mbele linahesabu kila kona linayopiga, hata ile isiyo ya njia.

Basi gunia moja likawa franka 6.000. Wabebaji walipoteza 1.500 kwa walichodai, komite ikaongeza 1.500 kwa ilichotaka. Lakini mbebaji yule alituuliza tena: "Na matope je?" Alikuwa na haki. Gurudumu linasema urefu, halisemi uzito wa njia. Wakapatana nyongeza yake mbali, ya miezi ya mvua, na wakaandika yote mawili ndani ya kaye ya kooperative, pamoja na ile 2,19 na kinga iliyotumiwa. Mkibadilisha mpira, pimeni upya mizunguko 10 kabla ya kuhesabu njia nyingine.