Kuficha jina la waifai si kufunga mlango

BWERA, Kasese – Chukua mfano wa mama anayeuza samaki wakavu hapa Bwera, ambaye wateja wake wengi huvuka mpaka kutoka Kasindi. Nyumbani ana ruta ndogo ya waifai. Bando lililokuwa likimtosha mwezi mzima sasa linakwisha baada ya wiki mbili, naye anashuku majirani. Kijana wa mtaani anamshauri afiche jina la mtandao ili lisionekane kwenye simu za watu. Je, atakuwa amepona? Maswali yafuatayo yanamhusu yeye na kila mwenye ruta nyumbani.

Jina likifichwa, ni nini hasa kinachofichwa?

Ruta hutangaza uwepo wake hewani mara kama 10 kila sekunde. Katika tangazo hilo mna jina la mtandao, ambalo kwenye ukurasa wa ruta huandikwa SSID. Mwenye ruta akichagua "Hide SSID", matangazo hayasimami. Yanaendelea vilevile, ila nafasi ya jina inabaki tupu. Kompyuta ya jirani bado inaona kwamba kuna mtandao hapo, na nyingine huuorodhesha kama "Hidden Network".

Basi jina lenyewe haliwezi kujulikana?

Linajulikana. Simu ya mwenye nyumba inapojiunga, hulitaja jina hilo hewani bila kulifunga kwa siri yoyote. Mtu mwenye kompyuta na programu ya bure ya kusikiliza mawimbi husubiri tu mwenye nyumba arudi jioni na simu yake iunganishwe. Jina analipata bila kuvunja chochote. Na jirani aliyekwisha kupewa nenosiri hana hata haja ya kusubiri: analiandika jina kwa mkono na kuingia.

Je, kuna hasara ya kuficha?

Ipo, na wanaosafiri ndio inaowagusa zaidi. Kwa kuwa ruta haitaji jina lake, simu ndiyo inayolazimika kuuliza. Simu iliyohifadhi mtandao uliofichwa huweza kuita jina lake popote inapotafuta waifai: kwenye teksi ya Kasese, kwenye foleni ya forodha Mpondwe, sokoni Kasindi. Mwenye nia mbaya aliye karibu anajua simu hiyo inatafuta mtandao gani, na anaweza kuwasha mtandao wa bandia wenye jina lilelile ili kuijaribu. Kampuni ya Apple yenyewe inashauri jina lisifichwe, na simu zake humwonya mtumiaji anapojiunga na mtandao wa aina hiyo.

Kama si jina, nini kinachozuia mwizi?

Ni nenosiri, pamoja na aina ya ulinzi iliyochaguliwa kwenye ruta. Hapa ndipo tatizo la mama yule lilipo. Nenosiri lake ni namba yake ya simu, ileile iliyoandikwa kwenye kibao cha kibanda chake ili wateja wamtumie pesa. Hata kama isingekuwa kwenye kibao, namba za Uganda zinazoanza na 07 zina tarakimu nyingine 8 tu, yaani namba milioni 100. Kwenye ulinzi wa WPA2, mtu anaweza kunasa mawasiliano ya simu inapojiunga, akaenda nayo kwake na kuijaribisha kila namba kwa kompyuta. Kompyuta yenye nguvu humaliza namba zote hizo kwa chini ya saa moja.

Maneno matano yasiyohusiana, yaliyookotwa bila mpango, ni rahisi kuyakumbuka lakini kuyakisia kwa kompyuta hiyohiyo hakuwezekani katika umri wa mtu.

Afanye nini leo jioni?

Afungue ukurasa wa ruta kwa anwani iliyoandikwa kwenye kibandiko chini yake. Kwanza atazame orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Kama nyumba ina simu tatu na orodha inaonyesha vifaa saba, ameshapata jibu la bando lake. Kisha achague WPA3, au WPA2 ikiwa ruta au simu zake ni za zamani, na aweke nenosiri jipya. Azime WPS, ile njia ya kujiunga kwa kitufe au namba fupi. Nenosiri la kuingilia ukurasa wenyewe nalo alibadili, kwa sababu ruta nyingi huja na "admin".

Mwisho arudishe jina lionekane, lakini asichague jina lake wala la biashara yake. Kwenye kila simu ya nyumbani aufute mtandao wa zamani na kujiunga upya. Asipofanya hivyo, simu inaweza kuendelea kuliita jina lililofichwa kila anapovuka mpaka.

Siku inayofuata aitazame tena ile orodha. Ikibaki na simu tatu na bando likapungua polepole, mlango umefungwa. Bando likiendelea kwisha mapema ingawa orodha ina simu tatu tu, mlaji yumo ndani ya nyumba, na mara nyingi ni video za watoto.