Skripti Isiyoharibu Ikirudiwa

Chukua tovuti ndogo yenye kurasa 400 za HTML. Viungo vyake vya ndani vinaanza na http://, na sasa seva imewekewa cheti cha usalama, kwa hiyo vyote vinatakiwa kuwa https://. Hakuna atakayefungua faili moja moja. Msimamizi anaandika mstari mmoja wa sed, programu ya kubadili maandishi iliyomo katika kila kompyuta ya Linux:

```
sed -i 's/http/https/g' *.html
```

Amri inasema: kila unapoona http, andika https, na uhifadhi katika faili ileile. Ikirudiwa, sed inaikuta http ndani ya https iliyoandikwa mara ya kwanza, inaongeza s nyingine, na kiungo kinakuwa httpss://, ambacho kivinjari hakikitambui. Hata mara ya kwanza si salama: ukurasa uliokuwa tayari na https unaharibika hapo hapo.

Kurudia si uzembe. Mtandao hukatika wakati kazi inaendelea kwenye seva ya mbali, au kurasa mpya huongezwa wiki inayofuata. Kazi ikikatika, sed huwa imemaliza baadhi ya faili bila kugusa nyingine, kwa kuwa huandika toleo jipya pembeni kisha hulipachika mahali pa lile la zamani. Folda inabaki mchanganyiko, na njia rahisi ya kuimalizia ni kuendesha amri upya. Hapo ndipo faili zilizokwisha kubadilishwa zinapoumia.

Kasoro iko katika namna amri ilivyotungwa. Kumwambia mtu "ongeza ndoo moja katika pipa" si sawa na kumwambia "jaza pipa". Agizo la pili likirudiwa, halizidishi kitu. Skripti nayo itaje hali inayotakiwa mwishoni, na itambue faili iliyokwisha kuifikia:

```
s#https*://example\.org#https://example.org#g
```

Katika ruwaza hii, alama ya # inatenganisha sehemu za amri ili mikwaju ya anwani isilete utata, na s* maana yake ni herufi s isiyokuwepo kabisa, iliyopo mara moja, au zaidi. Basi http://, https:// na hata httpss:// zote zinanaswa, na zote zinatoka https://. Kiungo kilicho sahihi kinabadilishwa kuwa kilekile kilivyo, na kilichoharibika jana kinatengenezwa.

Jina la tovuti limetajwa kwa makusudi. Picha za SVG hubeba utambulisho http://www.w3.org/2000/svg, ambao ni jina tu, wala si kiungo cha kufunguliwa. Ukiugeuza kuwa https, faili ya picha haitambuliki tena.

Ili kuhakikisha, hifadhi mstari ule katika faili badili.sed, kisha ujaribu kwenye nakala:

```
cp -r tovuti jaribio
sed -i -f badili.sed jaribio/*.html
cp -r jaribio mara1
sed -i -f badili.sed jaribio/*.html
diff -r mara1 jaribio
```

diff ikinyamaza, mara ya pili haikubadili neno. Lakini skripti isiyofanya lolote nayo hunyamazisha diff, kwa hiyo linganisha pia tovuti na mara1: hapo mabadiliko lazima yaonekane.

Wengi hujikinga kwa -i.bak, inayoacha nakala ya kila faili. Kinga hiyo ni ya mara moja tu. Ukiendesha tena, nakala ya .bak inafutwa na kuandikwa upya kutoka kwenye faili iliyokwisha kubadilishwa, na maandishi ya awali yanapotea. Nakala ya kutegemewa ikae katika folda nyingine, au katika Git.

Kuna mabadiliko ambayo ruwaza haiwezi kuyaokoa. Ukipandisha bei zote kwa asilimia 10, 1,000 inakuwa 1,100, na ukirudia inakuwa 1,210. Namba 1,100 haina alama ya kuonyesha kama imeshapandishwa au ndiyo bei ya zamani. Ndivyo ilivyo pia kubadilishana majina mawili, A kuwa B na B kuwa A: mara ya pili inarudisha yote yalipotoka. Katika kazi za namna hii, skripti isiandike juu ya faili inayoisoma. Isome folda ya asili isiyoguswa na iandike katika folda ya matokeo. Ukiiendesha mara kumi, kila mara inaanzia 1,000 na kutoa 1,100.