Heksi, mchezo usiojua sare

Novemba 2018, jijini London, Magnus Carlsen wa Norwe na Fabiano Caruana wa Marekani walikutana kuwania ubingwa wa dunia wa sataranji. Walicheza michezo 12 ya muda mrefu, siku baada ya siku, na yote 12 ikaisha sare. Bingwa alipatikana pale tu walipoingia kwenye michezo ya haraka, ambako Carlsen alishinda mitatu mfululizo. Wacheza drafti nao wanaijua hali hiyo: kila mmoja amebakiwa na kingi, wanazungukana ubao mzima, na hakuna anayeweza kummaliza mwenzake.

Katika mchezo uitwao Heksi jambo hilo haliwezi kutokea. Haijalishi wachezaji ni mabingwa au ni watoto wanaoweka kete ovyo; ubao ukijaa, lazima mmoja awe ameshinda, na ni mmoja tu. Hakuna kanuni ya mwamuzi inayolazimisha hivyo. Umbo la ubao lenyewe ndilo linalokataa sare, na kutokana na ukweli huo unazaliwa ukweli wa pili unaostaajabisha zaidi: anayeanza ana njia ya kushinda daima, hata pale ambapo hakuna binadamu anayeijua njia hiyo.

Heksi ilibuniwa na Piet Hein, Mdenmaki aliyekuwa mshairi na mbunifu mwenye mapenzi makubwa na hisabati. Gazeti la Politiken la Kopenhageni liliwatambulisha wasomaji wake kwa mchezo huo tarehe 26 Desemba 1942, kwa jina la Polygon, na watu wakaucheza kwa penseli kwenye karatasi zilizochapwa ubao. Miaka michache baadaye, John Nash, mwanafunzi wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, aliubuni tena bila kujua habari za Hein. Huyu ndiye Nash aliyekuja kupata Tuzo ya Nobeli ya Uchumi mwaka 1994. Jina la sasa lilienea kuanzia 1952, kampuni ya Parker Brothers ilipoanza kuuuza madukani.

Kanuni zake ni chache mno. Ubao una vyumba vyenye pembe sita, vilivyobanana kama sega la nyuki, na kwa jumla una pande nne. Uliozoeleka una safu 11 zenye vyumba 11 kila moja, yaani vyumba 121. Kila safu imesogea nusu chumba kuelekea kulia ikilinganishwa na iliyo juu yake, ndiyo maana ubao unaonekana umelala upande. Mchezaji mmoja ana kete nyekundu, na pande za kaskazini na kusini ni zake. Mwenzake ana kete za buluu, na pande za mashariki na magharibi ni zake. Kwa zamu, kila mmoja anaweka kete moja kwenye chumba chochote kilicho wazi. Kete ikishawekwa haihamishwi wala hailiwi. Anayeunganisha pande zake mbili kwa mnyororo wa kete zinazogusana ndiye mshindi.

Sare, basi, ingemaanisha kwamba ubao umejaa na hakuna mnyororo wa yeyote. Kwa nini hilo haliwezekani? David Gale, aliyesoma na Nash Princeton, aliandika mwaka 1979 hoja ambayo mtu yeyote anaweza kuifuata kwa kidole juu ya karatasi.

Chukua ubao uliojaa kete, umejazwa vyovyote vile. Weka kidole kwenye kona ya kaskazini-magharibi, pale upande mwekundu wa kaskazini unapokutana na upande wa buluu wa magharibi. Kutoka hapo ingia ndani ukifuata mistari inayotenganisha vyumba, kwa sharti moja: mkono wako wa kushoto uwe na wekundu wakati wote, na wa kulia uwe na buluu. Ukipita ukingoni, hesabu upande wa ubao kuwa na rangi ya mwenyewe.

Kila makutano utakayofika yanagusana na vyumba vitatu. Viwili umeshavijua, chekundu kushoto na cha buluu kulia. Cha tatu kiko mbele yako. Kikiwa chekundu, unakata kulia. Kikiwa cha buluu, unakata kushoto. Hakuna mahali utakapokwama, na hakuna mahali utakapopata njia mbili za kuchagua. Wala huwezi kurudi ulikopita. Kwenye makutano ya vyumba vitatu vyenye rangi mbili, mistari inayotenganisha rangi ni miwili tu, mmoja wa kuingilia na mmoja wa kutokea; ungerudi, ungehitaji wa tatu, na haupo.

Njia isiyokwama na isiyojirudia, kwenye ubao wenye mwisho, haina budi kutokea kona nyingine. Kona ya kusini-mashariki haiwezekani, kwa sababu anayetokea hapo angekuwa na buluu kushoto kwake, kinyume cha sharti. Zimebaki mbili. Ukitokea kaskazini-mashariki, mkono wako wa kulia umegusa kete za buluu zinazoshikana kutoka magharibi hadi mashariki, kwa hiyo buluu ameshinda. Ukitokea kusini-magharibi, mkono wa kushoto umegusa kete nyekundu kutoka kaskazini hadi kusini, na ushindi ni wa mwekundu. Hoja imekamilika, na haikuuliza hata mara moja kama wachezaji walikuwa hodari.

Washindi wawili kwa pamoja nao hawawezekani. Mnyororo kamili wa kaskazini hadi kusini umeugawa ubao vipande viwili, na buluu hana pa kupenya.

Nguvu yote ya hoja hiyo imo katika idadi ya vyumba vinavyokutana mahali pamoja, yaani vitatu. Kwenye ubao wa drafti hukutana vinne, na hapo ndipo mambo yanaharibika. Chukua miraba minne tu, miwili juu na miwili chini, uipake nyekundu na buluu kwa kupishana kama ilivyo kwenye ubao wenyewe. Ukisema kete hugusana ubavu kwa ubavu tu, hakuna aliyeunganisha. Ukiruhusu zigusane kwenye pembe, wote wawili wameunganisha. Kidole kikifika katikati hukuta njia zaidi ya moja ya kuendelea.

Sasa twende kwenye ukweli wa pili, ambao Nash aliuthibitisha mwishoni mwa miaka ya 1940. Heksi haina bahati wala siri, na lazima iishe. Ikiwa anayeanza hana mbinu ya kulazimisha ushindi, maana yake mpinzani wake daima ana jibu la kumzuia. Lakini mahali pasipo na sare, kumzuia mwenzako asishinde ni kushinda wewe. Kwa hiyo mmoja wao lazima awe na mbinu isiyoshindika, ama wa kwanza ama wa pili.

Tuseme ni wa pili. Tuseme ana kitabu kinachomwonyesha, kwa kila hatua ya mpinzani, mahali pa kuweka kete hadi ashinde. Wa kwanza anapata nakala ya kitabu hichohicho. Anaweka kete yake ya kwanza popote, kisha anajifanya hakuiweka, na kuanzia hapo anajihesabu yeye ndiye wa pili. Mpinzani akicheza, anafungua kitabu na kufuata jibu lililoandikwa, akilipindua kulingana na pande zake, jambo linalowezekana kwa kuwa pande zote nne zina urefu sawa. Siku kitabu kitakapomwambia aweke kete pale ambapo ile ya ziada tayari ipo, ataweka nyingine popote, na hiyo itakuwa ndiyo ya ziada. Je, kete ya ziada inaweza kumponza? La. Katika Heksi kete yako haizuii mnyororo wako kamwe. Inausaidia, au haifanyi lolote. Basi wa kwanza atashinda kwa kitabu cha wa pili, na wa pili pia atashinda kwa kitabu hichohicho. Wawili hawawezi kushinda pamoja, kwa hiyo kitabu cha wa pili hakipo. Mbinu ya ushindi ni ya anayeanza.

Ila hoja hii ya kuiba mbinu haitaji hata chumba kimoja. Inasema ushindi upo, na kunyamaza. Kuona tofauti hiyo, tazama ubao mdogo wa safu mbili za vyumba viwili, mwekundu akianza. Akiweka kete juu kulia, kete hiyo inagusa vyumba vyote viwili vya chini; buluu akiziba kimoja, mwekundu anachukua cha pili na kumaliza. Lakini akianza juu kushoto, kete yake inagusa chumba kimoja tu cha chini, kile cha kushoto. Buluu anakitwaa, na kutoka hapo anagusa vyumba vyote viwili vya mashariki. Mwekundu hawezi kuviziba vyote, na ameshapoteza mchezo aliouanza yeye.

Kwenye ubao wa tatu kwa tatu, chumba cha katikati kinatosha: kina majirani wawili juu na wawili chini, na kila jozi ni milango miwili ambayo mpinzani anaweza kufunga mmoja tu. Ubao ukikua, hesabu inakuwa nzito kupita kiasi. Mwaka 2013 Jakub Pawlewicz na Ryan Hayward, kwa msaada wa kompyuta, walikamilisha uchambuzi wa ubao wa tisa kwa tisa, wakijua kwa kila chumba kama kuanzia hapo kunaleta ushindi au hasara.

Hoja ya Nash pia inadai pande sawa. Tengeneza ubao wa 10 kwa 11, na mwenye safari fupi atashinda hata akiwa wa pili, kwa sababu vyumba vyote vinaweza kupangwa jozi jozi: mpinzani akichukua kimoja, yeye anachukua mwenza wake. Kuiba mbinu hapo kunakwama, maana jibu la upande mmoja haliwezi kupinduliwa likakaa upande mwingine.

Wachezaji wa leo hupunguza faida ya kuanza kwa kanuni ya kubadilishana: baada ya kete ya kwanza, wa pili anaruhusiwa kuichukua nafasi hiyo iwe yake. Kwa nadharia ushindi unahamia kwake, kwani ataitwaa kete nzuri na kuikataa mbaya. Kwa hiyo anayeanza haendi tena katikati, ambako mpinzani angebadilishana naye bila kusita. Hutafuta chumba karibu na ukingo, ambacho thamani yake kwenye ubao wa vyumba 121 ni ngumu kuipima kwa macho, kisha humwachia mpinzani uamuzi.