Mzigo Haukufika: Barua Pepe Yenye Adabu na Tarehe

Tuchukue duka la sare za shule mjini Arusha. Mwenye duka ameagiza sweta 300 za bluu kutoka kiwanda kidogo cha kufuma, bei shilingi 14,000 kila moja, jumla shilingi 4,200,000. Nusu ya fedha hizo ameshalipa. Wamekubaliana kwa maandishi kwamba mzigo ufike dukani Ijumaa, tarehe 12 Desemba 2025. Ijumaa imepita, Jumamosi imepita, na kiwandani hakuna aliyepiga simu. Shule zinafunguliwa Januari, na sweta zitakazofika baada ya hapo zitakaa kabatini hadi msimu mwingine.

Jumatatu asubuhi anakaa kuandika barua pepe. Wafanyabiashara wengi katika hali hii huanza na "samahani kwa usumbufu", kana kwamba wao ndio waliokosa. Kisha huuliza mzigo umefikia wapi, na kumalizia kwa kuomba uletwe "haraka iwezekanavyo". Barua hiyo ina adabu, lakini haina kitu ambacho muuzaji analazimika kukifanya. Atajibu "tunalifanyia kazi", na swali litakuwa limejibiwa.

Kuna hasara nyingine ambayo wengi hawaijui. Mnunuzi anayeendelea kuhimiza bila kutaja tarehe anaweza kuhesabiwa kuwa ameiachilia tarehe ya kwanza. Kesi maarufu ya jambo hili ni ya Charles Rickards dhidi ya Oppenheim, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Uingereza mwaka 1950. Mteja alitaka bodi ya gari ijengwe juu ya chesisi yake ya Rolls-Royce, na kazi ilipaswa kwisha kufikia tarehe 20 Machi 1948. Haikuisha, naye akaendelea kusubiri na kuwahimiza mafundi. Kwa kufanya hivyo, alisema Jaji Denning, alikuwa ameilegeza tarehe ile, na asingeweza kuamka siku moja na kuikataa kazi ghafla. Lakini mwishoni mwa Juni mteja aliwaandikia kwamba gari lisipokuwa tayari tarehe 25 Julai hatalipokea. Lilikamilika Oktoba, akalikataa, na mahakama ikakubaliana naye: taarifa yake ilikuwa imetoa muda wa kutosha na kuurudishia muda uzito wake.

Sheria za mauzo ya bidhaa za Tanzania na Kenya zimejengwa juu ya ile ya Uingereza ya mwaka 1893, kwa hiyo hoja hii si ya mbali na duka letu la Arusha. Barua pepe ya Jumatatu inapaswa kufanya kile ilichofanya barua ya Juni 1948: kutaja tarehe mpya, na kusema nini kitatokea ikipita.

Kabla ya kuandika, mwenye duka afungue makubaliano na kuyasoma upya. Viwanda vingi huhesabu siku tangu malipo ya awali yaingie benki, au tangu mteja aidhinishe sampuli. Kama sampuli ilikaa mezani kwake kwa wiki nzima bila jibu, huenda tarehe yenyewe ilisogea kwa sababu yake, na barua kali itamrudia. Pia apige simu kwa mfumaji mwingine kuuliza bei na muda. Tuseme anaambiwa shilingi 16,500 kwa sweta, na kwamba mzigo unaweza kuwa tayari kabla ya shule kufunguliwa. Sasa anajua kwamba akisema atanunua kwingine, anasema kitu anachokiweza.

Barua yenyewe inaweza kuwa hivi:

Mada: Oda namba 047: sweta 300 zilizotakiwa kufika Ijumaa, 12 Desemba 2025

Ndugu Meneja Mauzo,

Habari za kazi. Natumaini ninyi nyote kiwandani hamjambo.

Nakuandikia kuhusu oda namba 047 ya sweta 300 za bluu. Tulikubaliana zifike dukani kwetu Ijumaa, 12 Desemba 2025, na malipo ya awali ya shilingi 2,100,000 tulishayafanya. Hadi asubuhi ya leo, Jumatatu, 15 Desemba, hatujapokea mzigo wala taarifa ya kuchelewa. Nakala ya oda na risiti ya benki nimeziambatisha.

Naomba unijulishe kabla ya saa 6 mchana kesho, Jumanne, ni sweta ngapi zimekamilika. Zilizo tayari tutazipokea mara moja.

Oda yote iwe imefika dukani kabla ya saa 11 jioni, Ijumaa, 19 Desemba. Baada ya hapo hatutapokea zitakazokuwa zimebaki. Tutazinunua kwingine na kuomba kurejeshewa fedha tulizolipa kwa ajili ya hizo. Kukubali kwetu kusubiri hadi tarehe hiyo hakuondoi haki zetu zinazotokana na ucheleweshaji huu.

Tunathamini kazi yenu na tungependa kuikamilisha oda hii pamoja nanyi.

Wako katika biashara,
Msimamizi wa duka

Salamu imepewa nafasi yake, kwa sababu kwetu barua isiyo na salamu husomwa kama ugomvi kabla sababu haijafikiwa. Lakini ni mistari miwili tu. Aya inayofuata ina mambo yanayoweza kuthibitishwa, bila neno "uzembe" wala "mmetudanganya". Ukimwita mtu mwongo, atajibu tusi na kuiacha tarehe. Mada nayo imebeba namba ya oda na siku iliyokosewa, ili hata asiyeifungua barua aone tatizo.

Siku nne zinatosha? Kwa sweta ambazo zilipaswa kuwa zimefika tayari, na kiwanda kilicho umbali wa siku moja kwa gari, naona zinatosha. Kwa mashine inayosubiri meli bandarini zingekuwa kichekesho, na tarehe isiyowezekana haimfungi mtu. Sentensi ya kupokea zilizo tayari nayo ina faida kubwa: sweta 120 dukani wiki hii ni bora kuliko 300 Februari, na idadi atakayoitaja itaonyesha kama kazi ilikwisha kuanza.

Majibu ndiyo yanayohitaji macho. Muuzaji mwenye mzigo hujibu kwa mambo madogo madogo: idadi, picha ya marobota, jina la basi, simu ya dereva. Anayejibu "wiki ijayo bila kukosa" hajasema kitu. Mjibu siku hiyo hiyo kwa mistari miwili: tarehe yetu inabaki 19 Desemba saa 11 jioni, naomba idadi ya zilizo tayari. Ukinyamaza, au ukisema "sawa", umeilegeza tarehe mpya kama ile ya kwanza. Mkiongea kwa simu, yaandike mliyokubaliana na kuyatuma kwa barua pepe. Tanzania inatambua ujumbe wa kielektroniki kama ushahidi chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ila maneno ya simu yasiyoandikwa ni vigumu kuyathibitisha.

Ijumaa ikifika bila mzigo, nunua kwingine na utunze ankara. Tofauti ya shilingi 2,500 kwa sweta 300 ni shilingi 750,000, na kwa kanuni ya kawaida ya sheria hizo, mnunuzi ambaye hakuletewa mali anaweza kudai tofauti kati ya bei waliyokubaliana na bei ya soko ya siku mali ilipotakiwa kufika. Barua ya pili iseme hivyo kwa sauti ile ile ya upole, na itaje kiasi cha kurejeshwa na siku ya kukirejesha. Na kama moyoni unajua kwamba tarehe 19 ikipita utaendelea kusubiri, basi usiandike kwamba utanunua kwingine. Andika lile utakalolifanya kweli.