Daftari la Safari na Mafuta ya Gari la Umma

Gari la Serikali nchini Tanzania, lenye namba kama STK au lile la shirika la umma lenye SU, haliendeshwi na yeyote mwenye leseni. Dereva huidhinishwa na ofisi, na kila safari hutanguliwa na ruhusa ya ofisa usafirishaji. Dereva huandika kwenye daftari tarehe, safari, saa, na kilomita za kuondoka na kurudi. Aliyesafirishwa hutia saini.

Daftari hilo husomwa pamoja na stakabadhi za mafuta. Tuseme gari lilijazwa tangi likisoma kilomita 84,210, likajazwa tena likisoma 84,690. Limetembea kilomita 480. Kama kwa kawaida hutumia lita 1 kwa kilomita 8, lilihitaji lita 60. Stakabadhi ikionyesha 85, lita 25 zinadai maelezo. Si lazima ziwe zimeibwa: foleni, matope na injini mbovu hula mafuta. Lakini pengo likijirudia kwa dereva yuleyule au kituo kilekile, hapo pana jambo. Hesabu hii haifai kitu tangi lisipojazwa pomoni mara zote mbili, au mita ikiwa mbovu.

Kwenda harusini au sokoni ni matumizi binafsi, hata bosi akiwa ndani. Baada ya saa za kazi gari hulazwa kwenye maegesho ya ofisi, na linalotembea usiku lazima liwe na kibali cha maandishi.